"Yanashushwa na nani?" Kutafsiri "si" ya Kiitaliano kwa Kiswahili kinachosemeka

Miaka michache iliyopita nilipewa karatasi ya Kiitaliano, kurasa mbili tu, niitafsiri kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa zabibu huku Hombolo, Dodoma. Yalikuwa maelekezo ya kutengeneza mvinyo mwekundu: kuvuna, kukamua, kuchachusha, kuhamisha. Niliimaliza kwa siku moja. Kila nilipokutana na "si", kijineno cha Kiitaliano kinachokaa na kitenzi mara nyingi bila kumtaja mtendaji, niliweka kitenzi cha kutendwa: zabibu zinavunwa, vishada vinachaguliwa, maganda yanashushwa mara mbili kwa siku. Kisarufi hapakuwa na sentensi yenye kosa, nami nikairudisha kwa moyo mweupe.

Jumatatu moja nikaitwa. Maganda yalikuwa yameelea juu ya tangi tangu Ijumaa jioni bila mtu kuyasukuma chini kwenye maji ya zabibu, yamekauka na kushikamana kama mkeka, na chumba kizima kinanuka siki. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na zamu ya mwisho wa wiki pamoja na vijana wawili, alibandua karatasi yangu ukutani, akaweka kidole kwenye mstari na kuniuliza taratibu: "Mwanangu, umeandika hapa maganda yanashushwa. Yanashushwa na nani?"

Wote watatu walikuwa wameusoma mstari ule, na kila mmoja alielewa kwamba kuna mtu mwenye kazi hiyo na kwamba siye yeye. Kiswahili changu ndicho kilichowaambia hivyo. "Yanashushwa" ni habari ya jambo linaloendelea mahali fulani, halimwelekei msomaji wala halimwagizi mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafsiri "si" kwa mpangilio mwingine, na ndio ninaoueleza hapa. Nitatumia sentensi chache zinazofanana na zile za karatasi ya mvinyo, kwa sababu zinabeba karibu aina zote zinazomsumbua mtafsiri. Kiswahili chake kiko mwishoni:

> Si raccoglie l'uva nelle ore fresche.
> Si scartano i grappoli marci.
> Il mosto va tenuto sotto i 30 gradi.
> Si follano le vinacce due volte al giorno. Se il cappello si secca, il vino si guasta.
> In cantina non si entra mai da soli.
> Il vino viene assaggiato ogni giorno dal responsabile.

Hatua ya kwanza: jua ni "si" gani

Neno ni moja lakini linafanya kazi tofauti, na kamusi haitakusaidia kuzitenganisha. Kuna majaribio mawili mafupi ambayo mimi huyafanya pembeni mwa karatasi.

La kwanza ni kubadilisha idadi ya nomino. Chukua "si scartano i grappoli marci". Kitenzi "scartano" kiko katika wingi kwa sababu "grappoli", vishada, viko katika wingi. Ukikifanya kishada kuwa kimoja, kitenzi nacho kinageuka: "si scarta il grappolo marcio". Nomino inakivuta kitenzi, kama ngeli zinavyofanya kwetu: kishada kinatupwa, vishada vinatupwa. Hii ndiyo "si" ya kutendwa, na kwa Kiswahili inakupa kiima cha kushika.

Sasa jaribu "in cantina non si entra". Weka vyumba vingi, "nelle cantine non si entra", kitenzi hakitikisiki. "Cantina", chumba cha matangi, ni mahali tu, haikivuti kitenzi. Hapa hakuna nomino yoyote ya kushika. Hii ni "si" isiyo na kiima, na ndiyo inayozaa Kiswahili kibovu kuliko zote, kwa hiyo nitairudia kwa kirefu.

Jaribio la pili linahitajika kwa sababu ya ile sentensi ya maganda: "il cappello si secca", "il vino si guasta". "Cappello", kofia, ni tabaka la maganda yanayoelea. Ukibadilisha idadi, vitenzi navyo vinabadilika, kwa hiyo jaribio la kwanza litakuambia ni kutendwa. Si kweli. Ondoa "si" uweke "viene" pamoja na umbo la kutendwa la kitenzi, kisha usikilize maana. "Il grappolo viene scartato": maana ni ileile, kuna mkono unaokitupa. "Il vino viene guastato": maana imegeuka, sasa kuna mtu anayeuharibu mvinyo. Sentensi ya mwanzo haikuwa na mtu huyo. Mvinyo unaharibika wenyewe.

Hapo Kiswahili kina bahati kubwa, maana tunayo kauli ya kutendeka iliyotengenezwa kwa jambo hilihili: kuvunjika, kumwagika, kuharibika, kuchafuka. Wakati mwingine hata kiambishi hakihitajiki, kitenzi chenyewe kinatosha, kama kukauka au kuchacha. "Maganda yakikauka, mvinyo unaharibika." Ukiandika "maganda yakikaushwa, mvinyo unaharibiwa", umeleta mhalifu ndani ya chumba ambaye Mwitaliano hakumtaja. Nimeona kosa hili kwenye maelekezo ya mashine pia, ambako "il filo si rompe" ilikuwa imeandikwa "uzi unakatwa", na fundi akabaki anatafuta kisu kinachoukata. Uzi unakatika.

Hatua ya pili: mtafute aliyefichwa

Hapa ndipo muda wangu mwingi unapotumika, na mara nyingi bado sijaandika neno hata moja la Kiswahili.

Kitenzi cha Kiitaliano chenye "si" kinaweza kusimama bila mtu. Kitenzi cha Kiswahili hakisimami bila kiambishi cha nafsi au ngeli, isipokuwa kikiwa na "hu-" au kikiwa cha kuamuru. Ukisema tu "-ingia" hujasema kitu. Kwa hiyo kila "si" inakulazimisha kuamua, hata usipojua kwamba umeamua. Nilipoandika "yanashushwa" nilikuwa nimeshaamua kwamba mtendaji hana umuhimu, na tangi zima likachacha.

Swali la kuuliza ni hili: msomaji akimaliza sentensi, je, kuna mtu anayepaswa kusimama akafanye jambo? Kama hakuna, na sentensi inaeleza desturi au maarifa, mtendaji anaweza kubaki amefichwa. Kama yupo, ni nani: msomaji mwenyewe, sisi sote, au mtu mwenye cheo fulani?

Swali la pili, ambalo wengi hulisahau, ni kama msemaji mwenyewe yumo ndani ya "si". Waitaliano mara nyingi wanajihesabu humo. Huko Toskana watu husema hata "noi si va", yaani "sisi si inakwenda" ukiigeuza neno kwa neno, wakimaanisha "tunakwenda". Chukua sentensi nyepesi kama "da noi si cena tardi". Ikitoka kinywani mwa mwenyeji ni "kwetu tunakula chakula cha jioni usiku". Mgeni aliyerudi kutoka huko akisimulia "lì si cena tardi", kwa Kiswahili atasema "kule wanakula usiku". "Tu-" inamweka msemaji ndani, "wa-" inamtoa nje. Kiitaliano hakikulazimika kuchagua, wewe unalazimika. Ukiweka "wa-" katika barua ya Mwitaliano anayeeleza nyumbani kwao, umemfukuza kwao.

Na kama maandishi yenyewe hayasemi ni nani? Usikisie. Kwa ile sentensi ya maganda nilirudi kwa msimamizi nikamuuliza waziwazi kazi ile ni ya nani. Akasema ni ya mwenye zamu. Swali hilo la dakika moja ningeliuliza mapema, zabibu za msimu mzima zisingeishia kunuka siki.

Hatua ya tatu: chagua umbo

Kwa "si" ya kutendwa, yenye nomino ya kushika, kauli ya kutendwa ya Kiswahili ni halali, lakini angalia wakati na hali unayoipa. Hapo ndipo penye tofauti kubwa.

"Zabibu zinavunwa asubuhi" inasikika kama taarifa ya redio kuhusu kinachotokea sasa, au maelezo ya mtu anayemtembeza mgeni shambani. "Zabibu huvunwa asubuhi" ni desturi, inafaa kitabu cha shule au makala. "Zabibu zivunwe asubuhi" ni agizo: hakuna aliyetajwa, lakini wajibu umewekwa. "Vuna zabibu asubuhi" inamkabili msomaji usoni. "Tunavuna asubuhi" ni sauti ya kikundi chenye utaratibu wake. Na iko "ukivuna saa sita mchana, zabibu zinafika zimechemka", ambayo mama zetu huitumia kufundisha jikoni: "u-" ya mtu yeyote, yenye sababu ndani yake.

Zote hizo zinaweza kutoka katika "si raccoglie l'uva". Kwa karatasi ya ukutani mimi huchukua "zivunwe" pale kazi inapofanywa na kundi zima, kwa sababu umbo hilo linaagiza bila kumnyooshea mtu mmoja kidole. Shamba la zabibu linavunwa na watu kumi na watano kwa pamoja, hakuna mmoja wa kumwambia "vuna". Lakini kushusha maganda kunafanywa na mtu mmoja mwenye mti mkononi, basi hapo nilimtaja na kumwamuru: "Mwenye zamu, shusha maganda mara mbili kwa siku."

Sasa ile "si" isiyo na kiima. Rasimu yangu ya kwanza ya "in cantina non si entra mai da soli" ilikuwa: "Hairuhusiwi kuingia katika chumba cha matangi peke yake." Isome kwa sauti. Hiyo "peke yake" ni ya nani? Hakuna mtu katika sentensi wa kuwa peke yake. Inaning'inia. Kijana mmoja alielewa kwamba chumba hicho hakiruhusiwi kuingiwa kabisa, mwingine akadhani ni marufuku kwa wageni. Cha ajabu ni kwamba Kiitaliano chenyewe kilikuwa kimenionyesha jibu: "soli" iko katika wingi wa kiume, ingawa kitenzi kiko katika umoja. Wanafanya hivyohivyo wanaposema "quando si è stanchi", mtu anapokuwa amechoka. Kivumishi kinafichua kwamba nyuma ya "si" kuna watu, wanadamu kwa ujumla. Ukikuta kivumishi cha wingi hivyo, jua una ruhusa ya kumleta mtu katika Kiswahili.

Nikamleta: "Humu haingii mtu peke yake." Hivi ndivyo tunavyosema. Kitenzi kimetangulia, "mtu" amefuata nyuma, mahali pamewekwa mbele kwa "humu", na "peke yake" imepata mwenyewe. Ni mpangilio uleule wa "hapa hapiti mtu" au "leo halali mtu". Nadhani Kiswahili hakina umbo linaloikaribia zaidi "si" ya katazo, na nasikitika kuona linaachwa kwenye maandishi rasmi kwa sababu "hairuhusiwi" inaonekana ya kisomi zaidi.

Katazo hili si la kuandikwa kwa ulegevu. Zabibu zinapochachuka sukari inageuka kuwa kilevi na hewa ya ukaa, na hewa hiyo ni nzito kuliko ya kawaida, haina rangi, inatuama chini. Anayezimia humo akiwa peke yake hana wa kumwitia msaada. Nilitamani kuongeza kwamba mmoja akiingia mwenzake abaki mlangoni, lakini maneno hayo hayakuwamo katika Kiitaliano. Nilimwomba msimamizi ayaandike chini, kama agizo lake mwenyewe.

Kuna mtego mmoja zaidi kwa vitenzi hivi vya kwenda, kupita na kuingia. "Di qui non si passa" inaweza kuwa katazo au inaweza kuwa habari ya njia. Kiswahili kinatenganisha: "hapa hapapitiki" ni kwamba tope la masika limeziba, hata ukitaka huwezi, "hapa hapiti mtu" ni kwamba imekatazwa. Mtu aliyezoea kusema "barabara haipitiki" kila mvua zinaponyesha hawezi kuisoma "hapapitiki" kama amri. Angalia mazingira kabla ya kuchagua.

Ukikutana na "ci si", usihangaike. Ni "si" mbili zilizogongana, ya mtu kujitendea na ya mtu asiyetajwa, na Waitaliano wanaigeuza ya kwanza kuwa "ci" ili zisifuatane. "Prima di entrare ci si lava le mani" ni "nawa mikono kabla ya kuingia", basi.

"Va" na "viene"

Katika "il mosto va tenuto sotto i 30 gradi", "va" ni kitenzi cha kwenda, lakini hakuna anayekwenda popote. "Andare" pamoja na umbo la kutendwa la kitenzi kingine mara nyingi huwa na maana ya lazima: maji ya zabibu yanapaswa kuwekwa. Mtafsiri akiiona kama kutendwa kwa kawaida ataandika "mchuzi huwekwa chini ya nyuzi 30", na sharti limegeuka kuwa desturi. Iandike "mchuzi usiachwe upite nyuzi 30" au "mchuzi lazima ubaki chini ya nyuzi 30". (Neno "mchuzi" ndilo wakulima wa Dodoma wanalolitumia kwa maji ya zabibu yaliyokamuliwa. Nilikuwa nimeandika "juisi", wakafikiria ya chupa.)

"Viene" haina lazima hiyo, inaeleza tendo linalofanyika. Faida yake ni kwamba inaweza kumtaja mtendaji kwa "da", jambo ambalo "si" katika Kiitaliano cha leo haipendi kulifanya. "Il vino viene assaggiato ogni giorno dal responsabile": mvinyo huonjwa kila siku na msimamizi. Sahihi, lakini mtendaji akishatajwa mimi humrudisha mbele: "msimamizi anaonja mvinyo kila siku". Kiswahili hakioni raha kumburuta mtu anayejulikana hadi mkiani mwa sentensi.

Na hiyo "na" ya mtendaji ichungwe. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" inamtambulisha aliyetenda, na chombo kinakwenda na "kwa". "Maganda yashushwe kwa mti" ni sawa. Ukiandika "yashushwe na mti", umeupa mti zamu.

Hatua ya mwisho: soma, kisha uliza "nani?"

Rasimu ikikamilika, mtafute mtu atakayeitumia, si mwalimu wa lugha. Msomee sentensi moja moja kwa sauti na baada ya kila kitenzi muulize "nani?" Akijibu haraka, iache. Akisema "sijui, labda fulani", irudie. Akikujibu "hakuna, inatokea tu", hakikisha umeandika kauli ya kutendeka. Jaribio hili linafaa maelekezo na makatazo. Kwa uvumi haliwezi kufaa: "si dice che l'uva di agosto sia più dolce" ni "inasemekana zabibu za Agosti ni tamu zaidi", na hapo kutojua nani kasema ndiyo maana yenyewe. Matangazo pia hayalihitaji, maana huyo asiyetajwa ni mwenye mali. "Vendesi" ni "inauzwa", na mitaani kwetu tumeshazoea kuta zilizoandikwa "nyumba hii haiuzwi" bila mtu kuuliza haiuzwi na nani.

Hii ndiyo karatasi iliyobandikwa mara ya pili:

> Zabibu zivunwe kukiwa bado na ubaridi.
> Vishada vilivyooza vitupwe.
> Mchuzi usiachwe upite nyuzi 30.
> Mwenye zamu, shusha maganda mara mbili kwa siku. Maganda yakikauka, mvinyo unaharibika.
> Humu haingii mtu peke yake.
> Msimamizi anaonja mvinyo kila siku.

Yule mama aliisoma yote akiwa amesimama, akafika kwenye mstari wa nne, akageukia ubao wa zamu uliokuwa pembeni kuangalia jina la nani limeandikwa kwa Jumamosi.